Doa Lisilohama kwenye Klipu

Tazama video yoyote ya harusi iliyopigwa ufukweni saa sita mchana, pale kamera inapozunguka taratibu kutoka kwa maharusi kuelekea baharini. Mara nyingi angani, juu kidogo upande wa kulia, kuna kitone cha kijivu. Mnazi unapita nyuma yake, wingu linapita, tanga la ngalawa linapita, chenyewe kimeganda palepale tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Kwenye picha moja mtu angedhani ni ndege wa mbali. Kwenye video hakuna pa kujificha, kwa kuwa kila kitu kinasogea isipokuwa hicho.

Hilo ni vumbi lililokaa kwenye sensa ya kamera. Kwa usahihi zaidi, limekaa juu ya kioo chembamba kinachoifunika sensa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua jinsi ya kulitibu. Kwa sababu chembe iko mbele kidogo ya sensa, kinachorekodiwa ni kivuli chake tu. Tuseme kioo hicho kiko milimita 2 mbele ya sensa. Simamisha kidole juu ya meza, chini ya taa yenye mwanga mpana: kikiwa karibu na meza kivuli kina kingo kali, ukikiinua kivuli kinatawanyika na kufifia. Kwenye kamera umbali haubadiliki, bali upana wa "taa" ndio unaobadilika, na taa yenyewe ni tundu la lenzi. Tundu likiwa kubwa, mathalani f/2.8, mwanga unaifikia sensa kutoka pembe nyingi na kivuli kinayeyuka. Likibanwa hadi f/22, mwanga unapita kwenye njia nyembamba na kivuli kinakoza.

Hapo ndipo jua letu la pwani linapoingia. Mpigaji anayerekodi fremu 25 kwa sekunde kwa kawaida huweka kasi ya shata kwenye 1/50, ili mwendo uonekane wa asili. Chini ya jua kali, na ISO ikiwa 100, kasi hiyo inamlazimisha kubana tundu hadi f/22 hivi. Asubuhi alipiga ndani ya nyumba kwa f/2.8 na hakuona kitu. Adhuhuri kamera ileile, yenye vumbi lilelile, inatoa doa. Wengi hudhani vumbi limeingia mchana huo, kumbe pengine lina miezi humo.

Kabla ya kutibu, hakikisha ni vumbi kweli. Uchafu ulio kwenye kioo cha mbele cha lenzi huonekana kwa nadra kama kitone. Huwa ni ukungu au mng'ao usio na umbo. Ukibadilisha lenzi na doa likabaki mahali pale pale, liko kwenye sensa. Pikseli iliyoharibika ni jambo lingine: ni nukta ndogo sana, kali, aghalabu nyeupe au nyekundu, na inaonekana hata kifuniko cha lenzi kikiwa kimefungwa. Kivuli cha vumbi hakiwezi kuonekana gizani.

Sasa tuchukue klipu moja tuitibu. Ni ya 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, imepigwa kwa kamera yenye sensa ya upana wa milimita 36, tundu likiwa f/22. Kitovu cha doa kiko pikseli 2712 kutoka kushoto na 420 kutoka juu. Chembe yenye kipenyo cha milimita 0.05 ikiwa kwenye kioo hicho tulichokisema, itatoa kivuli cha pikseli 15 hivi, na katikati yake itakuwa imezuia karibu asilimia 30 ya mwanga. Pikseli 15 zinasikika kuwa chache, lakini kwenye televisheni ya inchi 55 ni kitone cha milimita 5, na jicho likishakiona haliachi kukirudia.

Njia ambayo wahariri wengi huikimbilia ni kiraka. Unainakili klipu kwenye leya ya juu yake, unaisogeza nakala pikseli 40 pembeni, kisha unaikata kwa maski ya duara yenye kingo laini ili kibaki kipande kidogo tu cha anga safi kinachofunika doa. Programu yoyote yenye leya na maski inaweza. Kwa anayetumia FFmpeg, kazi inayofanana na hiyo iko tayari kwenye kichujio cha delogo, ambacho hujaza mstatili kwa kukisia kutoka kwenye pikseli zinazouzunguka. Anza kwa kuonyesha mstatili huo ili ujue umelenga sawasawa, kisha ndipo utoe faili jipya:

```
ffplay -vf "delogo=x=2700:y=408:w=24:h=24:show=1" harusi.mp4

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "delogo=x=2700:y=408:w=24:h=24" -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy harusi_safi.mp4
```

Kwenye anga tupu kiraka hakina kasoro. Shida huanza kamera inapozunguka. Makuti ya mnazi yakipita chini ya doa, kiraka kilichosogezwa kinaonyesha makuti ya pikseli 40 pembeni: ukingo wa jani unakatika, kisha unaungana tena. Delogo nayo inaacha kidirisha cha ukungu ambacho majani yanaingia yakiwa makali na kutoka yakiwa makali, ila katikati yamelainika. Umeondoa doa jeusi ukaweka doa la aina nyingine.

Ndiyo maana naona kiraka kiwe chaguo la pili. Kumbuka tulichosema: asilimia 30 ya mwanga imezuiwa, na asilimia 70 imefika. Makuti yamo ndani ya doa, yamefifia tu. Kinachotakiwa ni kuyarudishia mwanga wao. Wanajimu wamefanya hivyo kwa miaka mingi: hupiga picha ya uwanja mweupe mtupu kwa darubini ileile, kisha huigawa picha ya nyota kwa picha hiyo, na vivuli vyote vya vumbi vinatoweka pamoja.

Kwa doa moja huhitaji hesabu kubwa. Kwenye DaVinci Resolve, hata toleo la bure, fungua ukurasa wa Color, ongeza nodi mpya, na chora Power Window ya duara juu ya doa. Ifanye iwe ndogo, na ulainishe kingo zake mpaka zififie kama kivuli chenyewe kinavyofifia. Kisha soma viwango. Kwenye klipu yetu anga safi kando ya doa ina kiwango cha 200 kati ya 255, na katikati ya doa ni 170. Gawanya 200 kwa 170 upate 1.18. Pandisha Gain kutoka 1.00 hadi 1.18, na doa linazama angani. Makuti yakipita, yanapita mazima, kwa sababu yale yale yaliyorekodiwa ndiyo unayoyaona.

Tumia Gain na uache Lift, na sababu yake ni ya msingi: kivuli kinapunguza mwanga kwa uwiano. Penye anga ang'avu kinaondoa kingi, penye shina jeusi kinaondoa kidogo. Kuzidisha kunafuata uwiano huo, lakini kuongeza kiasi kilekile kila mahali kutaifanya shina lipauke kila linapopita. Klipu iliyorekodiwa kwa mfumo wa logi ndiyo pekee yenye kanuni tofauti: humo uwiano umegeuka kuwa kiasi, hivyo Offset ndiyo inayofaa, kabla ya kuibadilisha rangi.

Ukimaliza, usiamini fremu iliyosimama. Cheza sehemu ambayo kamera inazunguka, kwa ukubwa kamili, na kwa muda ongeza kontrasti kupita kiasi. Ukiona pete ya mwanga kuzunguka doa, duara lako ni kubwa mno au kingo ni kali. Kikibaki kitone cheusi katikati kimezungukwa na anga iliyokaa sawa, chembe ni nene na imezuia mwanga wote hapo. Palipofika giza tupu hakuna cha kuzidisha. Hapo kiraka kinahitajika, kwa kitone hicho cha kati tu.

Mtego unaowanasa wengi ni mpangilio wa kazi. Doa limeganda kwenye fremu kwa sababu vumbi limeganda kwenye sensa, na hata sensa zinazotikisika ili kutuliza picha hubeba vumbi lao pamoja nazo. Lakini ukiituliza klipu kwenye programu, fremu nzima inasukumwa huku na huku, na doa linaanza kucheza. Duara lako litabaki likiangaza mahali pasipo na kitu. Kwa hiyo tibu doa kwenye klipu mbichi, kabla ya kutuliza, kukuza au kukata. Matibabu hayo unaweza kuyanakili kwenye klipu zote za siku ile zilizopigwa kwa lenzi ileile na tundu lilelile. Zilizopigwa kwa f/11 zitahitaji Gain ndogo na duara laini zaidi, na kwa lenzi ya kuvuta, doa linaweza kuhama pikseli chache ukivuta.

Kisha safisha kamera. Chagua kwenye menyu kipengele cha kusafisha sensa kwa mkono, betri ikiwa imejaa, geuza mdomo wa kamera uangalie chini na upulize kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yataruka. Wala usitumie kopo la hewa ya shinikizo, kwani gesi yake inaweza kutoka ikiwa majimaji na kuacha alama. Ukitaka kujua chembe iko wapi, kumbuka lenzi hupindua picha: ukiangalia sensa kwa mbele, doa la juu kulia kwenye video liko chini kulia. Isipotoka kwa pampu, tumia kifutio maalumu chenye upana wa sensa, milimita 24 kwa sensa kubwa na 16 kwa ile ya APS-C, na matone mawili ya dawa yake, ufute mara moja kwenda na mara moja kurudi kwa upande wake wa pili.

Na kwa wanaopiga juani kila wiki, nunueni kichujio cheusi cha ND16. Kinapunguza mwanga mara 16, mtarudi kutoka f/22 hadi f/5.6 bila kugusa kasi ya shata, na chembe tuliyoishughulikia hapa, iliyozuia asilimia 30 ya mwanga, itazuia asilimia 2 tu.