Siku 21 za Nani?

Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, ni Marburg. Hadi mlipuko ule unakwisha walikuwa wameugua watu 9, na 6 kati yao wakafariki. Ila waliofuatiliwa kwa sababu ya wagonjwa hao 9 walikuwa 212. Ukigawanya, kila mgonjwa mmoja ana watu zaidi ya 20 nyuma yake, wazima wa afya, wanaopimwa joto na kuulizwa maswali kila siku. Ninataka kuwazungumzia zaidi hao, maana mitaani wanachanganywa na wagonjwa, na mkanganyiko huo ndio unaowafanya wajifiche.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa yanakuja na mizigo. Karantini kwa wengi wetu ni neno la mnadani: homa ya miguu na midomo ikiingia wilayani, mnada unafungwa na ng'ombe hatoki wala haingii, awe mzima au mgonjwa. Kutengwa nako tumekujua kanisani, muumini anapozuiwa kushiriki kwa kosa alilofanya. Sasa mhudumu wa afya anapomwambia mama wa watu kwamba mwanawe "ametengwa", mama anasikia hukumu. Ndiyo maana napendelea kusema mgonjwa amelazwa kwenye wodi ya kutengea. Anayelazwa humo ameugua, au dalili zake zinafanya ahisiwe kuwa ameugua. Anayewekwa karantini ni mzima, ila alitangamana na mgonjwa na hatujui bado kama amebeba kitu. Wawili hawa hawatakiwi kukaa chumba kimoja hata kwa usiku mmoja. Mzima akilazwa na wahisiwa, kinga inageuka kuwa njia ya kumwambukiza.

Je, huyo mzima afungiwe ndani? Jibu linategemea jambo moja la ugonjwa wenyewe: unaanza kuambukiza lini. Mtu mwenye Uviko-19 au surua anaweza kuambukiza kabla hajajijua kuwa anaumwa, kwa hiyo kusubiri dalili ni kuchelewa. Marburg na Ebola si hivyo. Virusi vya magonjwa hayo hupita kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, au ya maiti, na mtu ambaye hajaanza dalili haambukizi. Kwa hiyo aliyetangamana na mgonjwa wa Marburg hana hatari kwa jirani yake leo. Hatari ipo siku homa itakapoanza bila mtu kujua. Kinachotakiwa hasa ni awe mahali anapopatikana kila siku, asisafiri, na akipata joto aondolewe nyumbani saa hizo hizo. Mamlaka mara nyingi huamua kumzuia kabisa asitoke, na ninaelewa hofu yao, lakini lengo si kufunga mlango. Lengo ni kutompoteza.

Muda wa kumfuatilia ni siku 21, kwa sababu dalili huanza kati ya siku ya 2 na ya 21 baada ya maambukizi. Hapa ndipo hesabu inapokosewa sana, hata na watu wenye nia njema. Wengi hudhani zinahesabiwa tangu ugonjwa ulipotangazwa, au tangu mgonjwa alipofariki. Hapana. Kila mtu ana kalenda yake, na kalenda hiyo inaanza siku aliyomgusa mgonjwa, au kitu chake, kwa mara ya mwisho.

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Bibi anaanza homa tarehe 1 Machi, na tarehe 6 anachukuliwa kwenda wodi ya kutengea. Binti yake amemuuguza hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo siku zake zinaisha tarehe 27. Jirani alikuja mara moja tu, tarehe 3, kumsaidia kumwinua bibi alipotapika. Zake zinaisha tarehe 24. Mjukuu alikuwa akilala na bibi mpaka tarehe 4, akahamishiwa kwa shangazi kijiji cha pili. Yeye ni hadi tarehe 25, na orodha lazima imfuate huko kwa shangazi. Kisha yupo mkwe aliyefika tarehe 7. Hakumkuta bibi, lakini alifua mashuka yaliyobaki bila glovu. Yeye ambaye hakumwona mgonjwa kabisa ndiye atakayefuatiliwa hadi mwisho kuliko wote, tarehe 28. Mzee aliyesimama uani akatoa pole bila kugusa mtu haingii kwenye orodha. Mwalimu wa mjukuu naye haingii, kwa maana yeye ametangamana na aliyetangamana, na mtoto hajaugua. Mtoto akianza homa, mwalimu ataulizwa.

Orodha kama hii haipatikani kwa kuuliza "nani alimgusa bibi?" Watu watataja wawili na kunyamaza. Anayejua kazi anauliza siku moja baada ya nyingine: Jumatano bibi alikula nini, nani alimpikia, nani alimwogesha, alipelekwa zahanati na pikipiki ya nani, alipochomwa sindano nani alikuwa kitanda cha jirani? Dereva wa bodaboda na mgonjwa wa kitanda cha pili ndio wanaosahaulika mara nyingi.

Baada ya hapo ni ziara za kila siku. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anasimama hatua mbili kutoka mlangoni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Umeamkaje? Kichwa? Tumbo? Viungo haviumi? Umekula?" Kisha kipimajoto kisichogusa mwili, halafu tarakimu inaandikwa kwenye fomu. Nyuzi 38 na kuendelea zinamfanya apige simu papo hapo. Lipo swali moja ambalo mhudumu mzoefu halisahau: "Umemeza dawa yoyote leo?" Panadoli iliyomezwa saa mbili asubuhi inaweza kushusha homa ya saa nne, na fomu ikaandikwa 36.8 kwa mtu ambaye usiku kucha alikuwa akitetemeka. Kipimajoto hakina kosa hapo, ila kimedanganywa.

Turudi kwa binti. Tarehe 14 anapata homa, na tarehe 15 anahamishwa. Sasa si mtu wa karantini tena bali mhisiwa, na anapewa chumba chake peke yake hadi majibu yatoke. Sampuli ya damu inachukuliwa siku hiyo na majibu yanakuja hasi. Familia inashangilia na kudai arudi nyumbani. Bado. Mwanzoni mwa dalili virusi katika damu vinaweza kuwa vichache mno kuonekana, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze hakitoshi kumwachia. Kinarudiwa baada ya saa hizo, yaani kuanzia tarehe 17. Kikitoka hasi tena, basi ilikuwa malaria au kitu kingine, anatibiwa, anarudi nyumbani na kuendelea na hesabu yake ile ile hadi tarehe 27. Hapewi siku mpya, wala hapunguziwi. Kwa sababu hiyo hiyo kumpima mtu asiye na dalili siku ya 5 hakumfungulii mlango: hasi ya leo haisemi lolote kuhusu siku ya 12.

Lakini kikitoka chanya, kalenda za nyumba nzima zinaandikwa upya. Mumewe, ambaye naye alimuuguza bibi na alikuwa amalize tarehe 27, amelala na mgonjwa mpya hadi tarehe 15. Anaanza upya, hadi tarehe 5 Aprili. Hebu mfikirie mwanamume huyo: kahawa iko shambani, wateja wa duka wamehama, na mtu wa fomu anamwambia siku zimeongezeka. Hapo ndipo watu hutoroka, na sioni haki ya kuwalaumu kama hakuna aliyewaletea unga, maharage, sabuni na maji. Chakula ni sehemu ya ufuatiliaji kama kilivyo kipimajoto. Nyumba isiyoletewa kitu itatafuta chenyewe, na kukitafuta maana yake ni kutoka.

Aliyetoroka mmoja anaweza kugharimu kiasi gani? Lagos, Julai 2014, abiria mmoja kutoka Liberia aliingia na Ebola. Mmoja wa waliotangamana naye aliwakwepa wafuatiliaji akasafiri hadi Port Harcourt, akatibiwa na daktari kwa siri hotelini. Yule aliyetoroka alipona. Daktari aliambukizwa, akaendelea kuona wagonjwa na wageni, na akafariki mwezi Agosti. Kwa kifo hicho kimoja watu zaidi ya 500 katika mji ule walilazimika kufuatiliwa. Nigeria iliweza kuumaliza mlipuko kwa wagonjwa 20 tu, kwa kuwa timu zilipita nyumba kwa nyumba maelfu ya mara.

Ukitaka kujua kama ufuatiliaji unakwenda vizuri, usitosheke na taarifa kwamba asilimia kubwa ya watu wametembelewa leo. Uliza kila mgonjwa mpya anapopatikana: jina lake lilikuwa kwenye orodha kabla hajaugua? Likiwemo, mnyororo wa maambukizi unajulikana. Wakianza kutokea wagonjwa ambao hakuna aliyewaandika, kama ilivyokuwa mara nyingi katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini, Kongo, kati ya 2018 na 2020, kuna watu wanaougua na kuzikwa pasipo kujulikana, hata kama fomu zote zimejaa.

Kwa mgonjwa aliyethibitishwa hakuna siku 21. Yeye haachiwi na kalenda, anaachiwa na mwili wake: dalili ziwe zimekwisha, na vipimo viwili vya damu vitoke hasi vikipishana angalau saa 48. Mmoja atatoka baada ya siku 10, mwingine baada ya wiki 4, na wa kitanda cha pili asihoji kwa nini mwenzake ametangulia.

Hesabu ya mwisho ni ya mlipuko mzima, siku 42, yaani 21 mara mbili. Kagera zilianza kuhesabiwa tarehe 19 Aprili, mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa alipotoa kipimo cha pili hasi. Wodi ilikuwa haina mgonjwa wa Marburg, lakini kila homa ya ghafla na kila kifo kisichoeleweka vijijini viliendelea kuchunguzwa hadi tarehe 2 Juni, ulipotangazwa mwisho. Hata hapo kuna anayebaki na kalenda yake. Mwanamume aliyepona anaweza kubaki na virusi kwenye shahawa kwa miezi, hivyo hushauriwa kutumia kondomu mpaka shahawa zipimwe mara mbili na kuonekana safi, au mwaka upite tangu alipougua. Hafungiwi, hatengwi, na anaweza kurudi shambani siku aliyotoka wodini. Anahitaji mtu wa kumweleza haya faraghani, pamoja na mkewe, kabla gari la hospitali halijamshusha nyumbani.