Zambarau Kwenye Nondo za Dirisha

Mpiga video akimkalisha mtu karibu na dirisha kwa ajili ya mahojiano, kwenye kioo kidogo cha kamera picha huonekana safi. Ikifunguliwa kwenye kompyuta, nondo za dirisha zimezungukwa na utepe mwembamba wa zambarau, na fremu ya mbao imepata rangi hiyo hiyo pale inapopakana na anga.

Chanzo ni lenzi. Kioo hupinda kila rangi ya mwanga kwa kiasi chake, kwa hiyo rangi zote hazitui mahali pamoja. Mwaka 1758 John Dollond wa London alipata hataza ya lenzi iliyounganisha aina mbili za kioo ili kupunguza kasoro hiyo. Hata hivyo, muungano wa namna hiyo hukutanisha rangi mbili sawasawa, na zambarau huachwa nje kidogo ya fokasi, ikatanda kama ukungu. Ukungu huo ni hafifu, na kwa kawaida hauonekani. Dirisha likiungua hadi kuwa jeupe tupu, unapata nguvu, na kitu cheusi chembamba kama nondo ndicho kinachouanika vizuri zaidi.

Kabla ya kusahihisha, kuza picha uitazame nondo moja. Ikiwa zambarau ipo pande zote mbili, hata katikati ya picha, tatizo ni hilo la fokasi. Ikiwa upande mmoja ni mwekundu na wa pili ni wa kijani-buluu, na hali inazidi kadiri unavyoelekea pembeni, hilo ni tatizo jingine: lenzi imeikuza rangi moja kuliko nyingine. Dawa zake hazifanani.

Tuchukue lile la kwanza, tukitumia DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure. Bibi amekaa mbele ya dirisha, amejitanda kanga yenye zambarau. Ukifuta zambarau kwenye picha nzima, kanga itakuwa ya kijivu. Kwa hiyo nenda ukurasa wa Color, ongeza nodi mpya, na kwenye paleti ya Window chora umbo linalofunika dirisha peke yake, kingo zake zikiwa laini. Kama kamera ilikuwa mkononi, itumie Tracker ili umbo lifuate dirisha. Kisha fungua mkunjo wa Hue Vs Sat na ubofye juu ya utepe wa zambarau kwenye picha. Zitatokea nukta tatu. Ishushe ile ya katikati taratibu, kama robo tatu ya njia. Sipendi kuishusha hadi chini kabisa, kwa sababu utepe mkavu wa kijivu huvuta jicho karibu sawa na ule wa zambarau. Halafu cheza video yote. Bibi akiinama na bega lake likaingia ndani ya umbo, kanga itapauka ghafla, na hapo inabidi umbo libanwe.

Nodi hiyo iwekwe kabla ya ile ya kukoleza rangi. Ukikoleza kwanza, unakuwa umeikoleza na zambarau unayotaka kuiondoa.

Kwa lile tatizo la pili, kupunguza rangi ni kuficha tu. Weka Splitter Combiner, inayotenga nyekundu, kijani na buluu katika nodi tatu. Chagua nodi ya nyekundu, nenda Sizing, weka Node Sizing, kisha badilisha Zoom kidogo mno. Katika picha yenye upana wa pikseli 1920, kutoka 1.000 hadi 1.001 husogeza ukingo wa picha karibu pikseli moja, na mara nyingi hiyo inatosha. Ukiona rangi zimezidi kuachana, rudi upande wa pili, chini ya 1.000.

Kompyuta haiwezi kurudisha umbo lililomezwa na mwanga. Nondo iliyokonda kwa sababu ya dirisha kuungua itabaki imekonda hata ikiwa haina zambarau. Tena kamera nyingi hurekodi rangi kwa undani mdogo kuliko mwangaza, kwa hiyo zambarau huenea kupita ukingo wenyewe na kusafisha hakuwi kwa usahihi kamili.

Ndiyo maana nawasihi wapiga video wamalize sehemu kubwa ya kazi pale pale chumbani. Kama lenzi iko f/1.8, ibane hadi f/4. Zambarau itapungua sana, ingawa zile rangi mbili za pembeni hazitajali. Chumba kitakuwa na giza zaidi, basi ongeza taa upande wa uso, kisha vuta pazia jepesi mbele ya dirisha. Rekodi sekunde chache, kuza picha kwenye nondo, na uangalie kabla mgeni hajaanza kuzungumza.