Kumjibu kwa Kiingereza Mnunuzi Mkubwa Aandikaye kwa Mkato

Chukua mfano wa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa aliyepeleka sampuli kwa kampuni ya kukaanga kahawa huko Uingereza. Baada ya majuma mawili anapokea barua pepe ya mistari mitatu kutoka kwa mkuu wa ununuzi wa kampuni hiyo, mtu mzima aliyekaa katika biashara hii miaka mingi. Barua inaanza na neno "Hi" pamoja na jina la kwanza la katibu. Inasema kwamba sampuli zimefika, kwamba daraja la AB limempendeza, kwamba huenda akachukua magunia 40 iwapo yatasafiri kabla ya Krismasi, na inauliza bei itakuwa kama ngapi. Neno "probably" limekatwa likabaki "prob". Mwisho ameandika "No rush. Cheers, Tom". Hakuna cheo, hakuna jina la ukoo, wala neno la heshima hata moja.

Katibu aliyezoea barua za ofisi atakimbilia mtindo wa jalada. Ataanza na "Dear Sir", kisha atafasiri kwa Kiingereza yale maneno ya "husika na kichwa cha habari hapo juu", na mwishoni ataomba kwa unyenyekevu mkubwa. Kwa Kiswahili hiyo ni adabu. Lakini Tom amekwisha kujitaja kwa jina lake, na kumrudishia "Dear Sir" ni sawa na mgeni aliyekaribishwa sebuleni naye akang'ang'ania kusimama mlangoni. Huenda asikasirike, ila atadhani barua yake haikusomwa, au kwamba jibu lilelile limepelekwa kwa wanunuzi wengi. Lipo na baya zaidi: Kiingereza cha kunyenyekea kupita kiasi kinafanana na barua za matapeli waombao fedha kwa njia ya barua pepe, nazo wafanyabiashara wa Ulaya wamezoea kuzitupa bila ya kuzisoma. Neno "kindly" nalo lina hatari yake. Katika Afrika Mashariki hutumika kwa upole, bali Mwingereza akilisikia mbele ya agizo huona kama anakaripiwa. "Please" latosha.

Kosa la pili hufanywa zaidi na vijana. Karani anaona mkubwa ameandika kama anavyoongea, naye anajibu vivyo hivyo: "Hi Tom! No probs", alama ya kucheka, na "u" mahali pa "you". Hapo amesahau jambo analolijua vizuri nyumbani. Mzee aweza kumwambia kijana, "Vipi, bwana mdogo?" wala hakuna atakayeshangaa, lakini kijana hajibu "Poa", anajibu "Shikamoo". Wepesi wa mkubwa ni ruhusa aliyojipa kwa cheo chake. Kwa aliye chini yake, au kwa muuzaji ambaye bado anaomba soko, ruhusa hiyo inakuja nusu tu.

Njia inayofaa ni kumfuata katika ukaribu na kubaki hatua moja juu yake katika utaratibu. Kiingereza hakina shikamoo, wala hakina "nyinyi" ya heshima kama lugha nyingine za Ulaya zilivyo. Heshima yake imo katika salamu, katika namna ya kutaja jina, katika kuandika maneno kamili, na zaidi ya yote katika umbo la ombi.

Basi jibu kwa Tom lianze na "Dear Tom". Jina la kwanza ndilo alilolitoa mwenyewe, na "Dear" inatunza ile hatua moja. Akiendelea na "Hi" katika barua mbili tatu zinazofuata, katibu naye anaweza kushuka hadi "Hi Tom". Lakini atazame vizuri lile jina lililoandikwa kwa mkono wa mwandishi, asitazame lile bango la jina na cheo ambalo kompyuta hulibandika chini ya kila barua. Yule aliyetia jina lake kamili pamoja na "Dr" bado hajatoa ruhusa, hata kama sentensi zake ni nyepesi.

Salamu za afya ziwe sentensi moja fupi, au shukrani tu: "Thank you for your message. I'm glad you liked the AB." Mkato kama "I'm" unaruhusiwa hapa, kwa kuwa bila huo sentensi inakakamaa. Mikato ya kukata neno lenyewe, kama "prob", aachiwe Tom. Ombi liwe swali: "Could you please confirm by 30 October?" Neno "could" ndilo linalobeba heshima, hivyo hapana haja ya kuongeza unyenyekevu mwingine juu yake. Mwisho "Kind regards", kisha jina kamili la katibu na la chama. "Yours faithfully" huenda na "Dear Sir", kwa hiyo haina nafasi tena. "Cheers", ambayo kwa Waingereza mara nyingi ni asante tu, ingojee.

Kuna mahali ambapo wepesi haukubaliki hata kidogo, napo ni penye hesabu. Lugha ya Tom inaficha uzito wa anayoyasema. "Prob" maana yake hajaagiza. Chama kinaweza kuwatangazia wanachama kuwa kahawa imeuzwa kwa nguvu ya neno la namna hiyo, kisha ikalala ghalani. Na "No rush" ya mkubwa haina maana ya mwezi mzima; siku mbili au tatu ndizo anazozitazamia. Kwa hiyo katikati ya barua katibu aandike kikavu kabisa: magunia 40 ya kilo 60, yaani kilo 2,400, daraja la AB, bei itatumwa Alhamisi baada ya kikao cha halmashauri, na ili mzigo upakiwe melini kabla ya Krismasi, agizo la maandishi lifike kabla ya tarehe iliyotajwa. Sentensi hizo hazihitaji uchangamfu. Mkataba wenyewe, na barua yoyote ambayo nakala yake inakwenda benki au kwa wakala wa meli, hurudi kwenye jina la ukoo na maneno kamili, hata kama jana Tom aliitwa Tom.

Ngazi hii hupandwa pia siku ya lawama. Tuseme mzigo umefika, na Tom anaandika kwamba yeye ni "a bit disappointed" kwa sababu magunia kadhaa yana unyevu. Asiyemjua Mwingereza atadhani ni manung'uniko madogo. Kwa mtu wa cheo chake hayo ni malalamiko mazito, na "a bit" ni adabu tu. Jibu la siku hiyo halianzi na "Hi" wala halina utani. Linaanza na "Dear Tom", linakiri kwamba habari imepokewa, linaomba namba ya shehena na picha za magunia, na linataja siku ambayo chama kitatoa maelezo baada ya kupitia daftari la vipimo vya unyevu vya ghalani. Kosa lisikubaliwe wala kukanushwa kabla ya hapo. Na ikiwa barua yake inayofuata itaanza na "Dear Mr" na jina la ukoo la katibu, katibu asiijibu peke yake: aipeleke kwa mwenyekiti na kwa meneja wa Chama Kikuu siku hiyohiyo.