Bei ikipanda, bwawa linauza

Anayeweka tokeni zake kwenye bwawa la ukwasi, kama yale ya Uniswap, hupata sehemu ya ada inayotozwa kwa kila mabadilishano. Ada hiyo huonekana kwenye skrini kila siku, ikiongezeka. Kisichoonekana ni hasara ya muda: pengo kati ya thamani ya mali iliyomo bwawani na thamani ambayo mali hiyohiyo ingekuwa nayo kama mwenyewe angeikalia tu.

Tuchukue bwawa dogo lenye ETH 10 na USDC 10,000, USDC moja ikiwa sawa na dola moja. Bei ya ETH ni dola 1,000. Asha ameweka ETH 1 na USDC 1,000, kwa hiyo sehemu yake ni asilimia 10. Bwawa hufuata kanuni moja: idadi ya ETH ikizidishwa kwa idadi ya USDC, jibu libaki lilelile, hapa 100,000. Ada tuiweke kando kwanza.

Sasa bei ya ETH sokoni inapanda hadi dola 4,000. Bwawa halina habari. Bado linauza kwa bei ya zamani. Wanaojua ni wafanyabiashara wa tofauti za bei, na wao hawachelewi. Wananunua ETH bwawani, na kila wanaponunua bei ya humo inapanda, mpaka ilingane na ya soko. Hapo bwawa limebaki na ETH 5 na USDC 20,000. Yaani wamelipa USDC 10,000 kwa ETH 5 ambazo nje zina thamani ya dola 20,000.

Asilimia 10 ya Asha sasa ni ETH 0.5 na USDC 2,000, jumla dola 4,000. Aliingia na dola 2,000, kwa hiyo anaona faida, na ndiyo maana wengi hawaishtukii hasara hii. Lakini angeziacha tokeni zake kwenye pochi yake, angekuwa na dola 5,000. Ile 1,000 iliyopungua ni fungu lake katika dola 10,000 walizovuna wale wafanyabiashara.

Bei ikirudi 1,000, pengo linafutika. Akitoa mali yake kabla ya hapo, hasara imeshakuwa yake. Na si kupanda tu: bei ikishuka hadi dola 250, atabaki na dola 1,000 badala ya 1,250, pungufu ya asilimia 20 ileile.

Ada je? Kwa ada ya asilimia 0.3, iliyokuwa ya kawaida Uniswap toleo la pili, sehemu ya Asha ni senti 3 katika kila dola 100 zinazobadilishwa. Kufidia dola 1,000 kunahitaji mabadilishano ya zaidi ya dola milioni 3.3 katika bwawa lililoanza na mali ya dola 20,000. Kwa tokeni mbili ambazo bei zake hutembea pamoja, kama USDC na USDT, pengo huwa dogo sana na ada inaweza kulizidi. Ila moja ikianguka, bwawa litamrundikia mwenye mali ile inayoanguka.