Runinga Ikikwama, Pima Kasi Mahali Patatu

Duara likianza kuzunguka katikati ya kioo, lawama huenda moja kwa moja kwa kampuni ya intaneti. Wakati mwingine kampuni inastahili. Lakini katika nyumba nyingi kasi iliyolipiwa imefika salama hadi kwenye ruta, ikapotelea sebuleni, katika zile hatua chache kati ya ruta na runinga. Kabla hujampigia mtu simu na kugombana naye, inafaa ujue imepotelea wapi, na kifaa cha kupimia unacho tayari mfukoni.

Tuanze na namna picha inavyofika. Filamu unayoitazama kwenye YouTube au Netflix haiji nzima. Imekatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kimeandaliwa kwa viwango kadhaa: 480p ambayo ni hafifu, 720p, 1080p, hadi 4K kwa runinga kubwa. Programu huvuta kipande, huangalia kimechukua muda gani kufika, kisha huamua kipande kinachofuata kiwe cha kiwango gani. Vipande vilivyotangulia kufika huwekwa akiba. Kasi ikipungua, programu hushusha kiwango kwanza, na hapo ndipo nyuso za watu zinapoingia ukungu na maandishi yaliyo ndani ya picha yanapopoteza kingo. Kasi ikizidi kushuka, akiba inakwisha, na duara linatokea. Kwa hiyo ukungu na kukwama kwa kawaida ni tatizo moja, ila ukungu hutangulia.

Hii pia ndiyo sababu mechi ya moja kwa moja hukwama katika nyumba ambayo filamu inapita bila shida. Filamu yaweza kuwekewa akiba ya dakika nzima na zaidi. Bao ambalo halijafungwa haliwezi kuwekewa akiba, kwa hiyo programu ya mpira hutembea na sekunde chache tu mkononi, na mtikisiko mdogo wa mtandao unaonekana papo hapo.

Kasi inayotakiwa si kubwa kama wengi wanavyodhani. Netflix wanashauri megabiti 3 kwa sekunde kwa 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Mwenye kifurushi cha megabiti 20 ana ya kutosha na kubaki, mradi zifike kwenye runinga.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya dakika mbili. Ingia Settings, tafuta Network, au Network & Internet kwenye runinga za Google TV, au Connection kwenye za Samsung; chagua jina la waifai yako, andika nywila. Hapa wanaokwama wengi hukwama kwa herufi kubwa na ndogo, kwa sababu kuandika kwa rimoti ni adha. Ikiwa nywila ni sahihi na runinga bado inakataa, angalia usalama uliowekwa kwenye ruta. Runinga za zamani kidogo hazijui WPA3, na ukirudisha ruta kwenye WPA2 zinaingia mara moja. Kuna hali nyingine inayosumbua sana baada ya umeme kukatika: runinga inasema imeunganishwa, lakini hakuna programu inayofunguka. Tazama tarehe na saa. Runinga inayodhani tuko miaka kadhaa nyuma hukataa vyeti vya usalama vya tovuti, na programu zote zinagoma. Weka tarehe ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, au iweke kwa mkono, kisha jaribu tena.

Sasa vipimo. Nichukue nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, yenye kuta za tofali za saruji kama nyingi za huko, na faiba ya megabiti 20. Ruta iko pale pale fundi alipoiacha siku ya kufunga, chini, kwenye kona ya chumba cha kulia chakula, nyuma ya friji, kwa sababu ndipo waya ulipoingilia. Runinga ya inchi 43 iko sebuleni, ukuta wa pili kutoka hapo, imebanwa ukutani. Mama mwenye nyumba alikuwa na hukumu yake tayari: "Mwanangu, hawa watu ni wezi. Ninalipa kila mwezi, tamthilia yangu siioni."

Kipimo cha kwanza kilichukuliwa kwa simu, hatua mbili kutoka kwenye ruta, kwa kufungua fast.com: megabiti 19. Hapo kampuni ikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa, angalau kwa mchana ule. Kipimo cha pili kilikuwa kwa simu ile ile, ikiwa imesogezwa karibu kabisa na kioo cha runinga: 11. Kuta zimekula karibu nusu, lakini 11 bado inatosha 1080p mara mbili. Kipimo cha tatu ndicho watu hawakifanyi, yaani kuiuliza runinga yenyewe. Fungua video yoyote kwenye YouTube ya runinga, nenda kwenye alama ya mipangilio, chagua Stats for nerds. Yatatokea maandishi madogo pembeni. Tafuta mistari miwili tu. Connection Speed inakuonyesha kasi kwa kilobiti, gawanya kwa 1000 upate megabiti. Buffer Health inakuonyesha una sekunde ngapi za akiba. Kwa mama, kasi ilikuwa megabiti 2.8, na akiba ilikuwa ikipanda hadi sekunde kumi na kitu kisha inaporomoka hadi sifuri. Kila ikifika sifuri, duara.

Simu inapata 11 na runinga iliyo pua kwa pua nayo inapata 2.8. Tatizo liko hapo, na sababu zake zinajulikana. Runinga nyingi za bei nafuu hupokea waifai ya gigahezi 2.4 peke yake, ilhali simu huweza kutumia pia ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi na majirani wachache. Antena ya runinga ni ndogo, imefichwa nyuma ya kioo, na tumeibana kati ya kioo na ukuta. Zaidi ya hayo, mama alikuwa na spika ya Bluetooth, na Bluetooth hutumia eneo lile lile la gigahezi 2.4. Runinga ilikuwa inapokea picha na kutuma sauti kwenye njia moja.

Marekebisho yalifanywa moja moja, na baada ya kila moja mistari ile miwili ikasomwa upya. Huu ndio utaratibu ninaoushauri, maana ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo hutajua kilichosaidia. Spika ikaunganishwa kwa waya: kasi ikapanda hadi 4.5. Ruta ikatolewa nyuma ya friji, ambayo ni kabati la chuma na chuma huzuia mawimbi, ikawekwa juu ya rafu karibu na mlango wa sebule: 8. Mwisho, ndani ya mipangilio ya ruta, chaneli ya 2.4 ikatolewa kwenye 8 na kuwekwa 1. Anwani ya kuingilia huwa imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Anayekaa kwenye 8 anasumbuliwa na walio 6 na walio 11 kwa pamoja. Baada ya hapo ikawa 9 na kidogo, akiba ikapita sekunde arobaini, na picha ikapanda yenyewe hadi 1080p.

Kulikuwa na njia fupi kuliko zote hizi: waya. Nyuma ya runinga nyingi kuna tundu lililoandikwa LAN. Waya wa mtandao wa mita 15 uliopitishwa ukingoni mwa ukuta ungemaliza hadithi yote, bila kuhangaika na chaneli wala spika. Matundu hayo kwenye runinga mara nyingi hayazidi megabiti 100, na watu hulalamikia hilo, lakini hata 4K haihitaji robo yake. Mama hakutaka waya kwenye ukuta aliotoka kuupaka rangi, na nyumba ni yake.

Kama runinga yako inapokea gigahezi 5 na iko chumba kimoja na ruta, itumie hiyo. Jina lake mara nyingi huishia na 5G, na halihusiani na 5G ya simu. Ikiwa simu inaliona jina hilo na runinga hailioni, yawezekana ruta imejipangia chaneli ya juu ambayo runinga haiisomi. Iweke kwenye mojawapo ya 36, 40, 44 au 48. Lakini ukuta wa saruji huichosha gigahezi 5 kuliko 2.4, hivyo vyumba viwili mbali 2.4 yaweza kukufaa zaidi.

Rudia kipimo cha kwanza saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umerudi nyumbani. Kama pale pale karibu na ruta 19 ya mchana imekuwa 4, hakuna rafu wala chaneli itakayokusaidia. Hilo ni la kampuni, na sasa unapiga simu ukiwa na namba mbili na saa zake, jambo linalofupisha mazungumzo sana. Uliza pia kama umevuka kikomo cha matumizi, kwa sababu vifurushi kadhaa vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguza kasi baada ya kiasi fulani. Netflix kwa picha ya 1080p yaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa.

Kuna kukwama kusikohusu mtandao kabisa. Picha ikiruka-ruka, rimoti ikichelewa kuitika, na duara halionekani, runinga yenyewe imechoka: kumbukumbu imejaa. Kuizima kwa rimoti hakusaidii, maana inasinzia tu. Ichomoe kwenye umeme kwa dakika moja, kisha futa programu usizotumia.

Na kuna ukungu usiohusu mtandao. Ukiona YouTube inang'aa kwa 1080p huku Netflix ikiwa na ukungu kwenye runinga ile ile, acha kuisumbua ruta. Tazama kwanza mpango unaolipia: Basic katika nchi nyingi huishia 720p, na ule wa simu hauchezi kwenye runinga. Kisha ingia kwenye akaunti kwa simu au kompyuta, fungua wasifu wako, Playback settings. Kama mtu aliwahi kuchagua Low ili kuokoa bando, runinga itaonyesha picha hafifu hata ukiwa na megabiti 100. Rudisha Auto au High.

Wanaotumia visanduku vya Android vya bei poa wana sababu moja zaidi. Netflix hutoa picha nzuri kwa vifaa vilivyoidhinishwa tu, vyenye ulinzi uitwao Widevine L1. Kisanduku chenye L3 hupewa picha ya kiwango cha 480p au jirani yake, hata kama boksi lake limeandikwa 8K kwa herufi za dhahabu. Hakuna mpangilio wa kukibadilisha. Kabla ya kukilipia, mwombe muuzaji akuwashie na afungue programu inayoonyesha taarifa za DRM, kama DRM Info, usome mwenyewe panaposema Security Level.