Nukta moja inavyoweza kugeuza hisia ya maelezo ya picha

Maneno "umefika nyumbani" yanaweza kuwa taarifa, swali au mshangao bila silabi hata moja kubadilishwa. Kiingereza hupanga upya maneno kinapotaka kuuliza. Kiswahili hakina lazima hiyo, na hata kiulizi "je" mara nyingi huachwa. Tunapozungumza, kazi ya kutofautisha maana hizo hufanywa na kiimbo, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti. Tunapoandika, kiimbo hicho hubebwa na alama tatu ndogo: nukta, alama ya kuuliza na alama ya hisi.

Katika kitabu au barua, msomaji akikosa alama moja bado ana aya nzima ya kumsaidia. Katika maelezo ya picha mtandaoni, ambayo wengi wetu tunayaita kapsheni, hana msaada huo. Ana picha na maneno mawili au matatu, basi. Ndiyo maana jambo ambalo mwalimu wa sarufi angeliona dogo, kama vile kuweka au kutoweka nukta, hapa huwa ndilo linaloamua iwapo msomaji atacheka, atanuna au atashika simu kupiga kwa wasiwasi.

Nianze na nukta, kwa sababu ndiyo inayodhaniwa kuwa haina hisia yoyote. Darasani tulifundishwa kwamba nukta hufunga sentensi. Hata hivyo, kwenye WhatsApp sentensi hufungwa na kitendo cha kutuma. Ujumbe ukishaenda, kila mtu anaona umeisha. Nukta ikiwekwa hapo inakuwa ya ziada, na lugha haipendi kitu cha ziada kikae bure: msomaji hukitafutia maana. Maana anayoipata aghalabu ni ya mlango uliofungwa. "Sawa" ni kukubali. "Sawa." ni kukubali huku umekunja uso.

Hili si hisia ya vijana tu. Celia Klin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliwapa wanafunzi 126 mazungumzo mafupi yenye majibu ya neno moja, mengine yakiwa na nukta na mengine bila. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida mnamo 2016, yalionyesha kwamba jibu la simu lenye nukta lilionekana kuwa na unyoofu mdogo kuliko lile lisilo nayo. Majibu yaleyale yalipoonyeshwa kana kwamba yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi, tofauti hiyo haikuonekana. Utafiti huo ulihusu Kiingereza na wanafunzi wa chuo kimoja, kwa hivyo tusiuhamishe wote kwetu bila kuupima. Lakini unathibitisha jambo moja la msingi: hisia haikai ndani ya nukta yenyewe. Hutokana na mahali nukta ilipowekwa na yale ambayo msomaji wa mahali hapo amezoea kuyaona.

Sasa tuupime ukweli huo kwa Kiswahili. Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, usiku mmoja mwendo wa saa tano, binamu yangu aliyekuwa akimuuguza mamake hospitalini alituma picha. Ilionyesha kitanda, shuka iliyovutwa hadi mabegani na uso wa mgonjwa ukiwa umeelekea ukutani. Chini yake aliandika: "Mama amelala." Kabla ya dakika tano kupita, mmoja alikuwa ameandika "Mungu wangu", wa pili ametuma pole, na wa tatu alikuwa anauliza mwili utahifadhiwa wapi. Binamu akalazimika kujibu mbio: "Jamani, amelala usingizi tu! Amekunywa uji akalala."

Nini kilichoharibika? Kwanza, kitenzi "kulala" kina sura mbili. Ni kusinzia, na pia ni tasfida ya kufa. Pili, picha haikumaliza utata huo, kwa kuwa uso haukuonekana. Tatu, nukta. Katika kundi hilo karibu kila mtu humaliza ujumbe bila nukta, kwa hivyo ile moja ilisikika kama sauti inayoshuka na kunyamaza, sauti ileile tunayoitumia kutangaza msiba. Binamu yangu ni mwalimu wa shule ya msingi na mkono wake umezoea kufunga sentensi. Kisarufi alikuwa sahihi kabisa. Lakini sarufi ya kitabu na mazoea ya kundi vilikuwa vinasema mambo mawili tofauti.

Tubadilishe alama huku tukiyaacha maneno yalivyo. "mama amelala", kwa herufi ndogo na bila nukta, ni mnong'ono wa mtu aliye kando ya kitanda, asiyetaka kumwamsha mgonjwa. "Mama amelala!" ni nafuu: baada ya siku za maumivu, hatimaye usingizi umekuja. "MAMA AMELALA!!!" ni yowe, na msomaji hawezi kujua kama ni la furaha au la kilio. "Mama amelala..." ndiyo mbaya kuliko zote, maana vitone vya dukuduku humwambia msomaji kwamba kuna jambo limefichwa, na katika habari za mgonjwa sote tunajua ni lipi. Sentensi ni ileile, picha ni ileile, ila hisia ni tano.

Mjomba wetu mmoja, karani mstaafu, huweka nukta kila mahali, hata baada ya "Asante." Hakuna anayemdhania kuwa amekasirika, kwa sababu tunajua ndivyo aandikavyo. Kinachoshtua ni mtu kuacha desturi yake, au kuacha desturi ya wenzake. Kwa hivyo anayetaka kujua kama nukta fulani ina kinyongo asiitazame hiyo peke yake. Atazame ujumbe kumi wa mtu huyohuyo uliotangulia.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoeleza herufi ndogo. Simu nyingi za kisasa hukuza herufi ya kwanza ya sentensi zenyewe. Anayeandika "hatimaye nimehitimu" kwa herufi ndogo ama amerudi nyuma kuifuta H, ama ameuzima mpangilio huo wa simu. Zamani herufi ndogo ilikuwa dalili ya haraka au uzembe. Siku hizi ni mtindo wa kuchagua, na unachosema ni "sijajitayarisha, nimeropoka tu." Wanamuziki wa Marekani waliusambaza sana: albamu ya Billie Eilish ya 2019 na ile ya Taylor Swift iitwayo folklore, ya 2020, ziliandika majina ya nyimbo zake kwa herufi ndogo. Kijana wa Nairobi anayeandika "siku njema" chini ya picha yake ya machweo anatumia mkondo huohuo wa utulivu wa makusudi.

Hakuna lolote la kimaumbile linaloifanya herufi ndogo kuwa tulivu. Waswahili wa pwani waliandika kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi, na hati hizo hazina herufi kubwa wala ndogo. Mtunzi wa utenzi aliyetaka kunong'ona au kupaza sauti alifanya hivyo kwa uteuzi wa maneno. Tofauti ya kubwa na ndogo tuliipokea pamoja na hati za Kirumi, na hisia tunazozipachika juu yake ni za juzi tu.

Mtindo huu una mpaka wake katika Kiswahili. "asante mungu" na "Asante Mungu" havilingani. Kwa maandishi yetu, "mungu" wa herufi ndogo ni mungu yeyote, pengine hata sanamu. "Mungu" wa herufi kubwa ni jina. Anayeandika hivyo kwa ajili ya mtindo huenda akawaudhi shangazi zake wote bila kujua kosa lake ni lipi. Wengi wa wanaopenda mtindo huu wamelitatua kwa kuacha kila kitu kwa herufi ndogo isipokuwa M hiyo moja, na M hiyo husimama katikati ya mstari kama mtu aliyeinuka msikitini au kanisani wengine wakiwa wameketi.

Nimalizie na alama ya hisi. Vitabu vya shule huiweka baada ya vihisishi, kama vile "Lo!" na "Salaale!", na pia baada ya amri. Tazama kwamba kihisishi chenyewe tayari kinasema ni hisia gani: "ebo" ni karipio, "alhamdulillahi" ni shukrani. Alama inaongeza nguvu tu. Inapokaa peke yake baada ya sentensi ya kawaida, inapaza sauti bila kusema sauti hiyo ni ya nini. Katika kapsheni imepata kazi nyingine, ambayo ni adabu. "Hongera" inaonekana kavu, "Hongera!" ndiyo ya kawaida, na anayefurahi kwa dhati sasa analazimika kuweka tatu. Ni kama sarafu iliyoshuka thamani.

Hapo ndipo penye ubishi kuhusu picha za marehemu. "Lala salama!" huwakwaza baadhi ya wasomaji, wanaouliza mtu anashangilia nini. Mwandishi anaweza kujitetea kwamba kitenzi kiko katika hali ya kuamuru, na kanuni ya shule inaruhusu alama ya hisi. Utetezi huo ni sahihi, lakini haumsaidii aliyefiwa, ambaye anasikia sauti iliyopaa mahali alipotarajia iliyoshuka. Chini ya picha kama hiyo, nukta tuliyoiona ikiogopesha hospitalini ndiyo inayofaa: "Lala salama." Ule mshuko wa sauti unaotisha kwa mgonjwa ndio heshima kwa marehemu.

Kiswahili pia kina njia yake ya kukoleza isiyotegemea alama, nayo ni kurefusha irabu. "Tumetoka mbali!" inasema nina msisimko. "Tumetoka mbaaali" inasema safari ilikuwa ndefu, kama tunavyoivuta mdomoni. Ya kwanza hupima sauti ya msemaji, ya pili hupima jambo lenyewe.

Alama, basi, hufaa pale maneno yanapokuwa na maana moja na linalobaki ni kuchagua sauti. Pale maneno yanapobeba maana mbili, kama "amelala", hakuna nukta wala alama ya hisi itakayoondoa utata. Hapo dawa ni neno moja zaidi. "Mama amelala usingizi" ingemaliza kazi yote, iwe na nukta au bila, na ukoo mzima ungelala pia.