Wawili Walikubaliana, Wote Wamekosea

Wiki iliyopita niliwaandikia barua wenzangu wanne ninaosoma nao somo la uchakataji wa picha chuoni. Ilikuwa fupi: "Ndugu zangu, naomba kuanzia Jumamosi hii tukutane kila wiki, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, tufanye mitihani ya miaka ya nyuma. Kila mmoja aje na karatasi tupu, kalamu na kikokotoo. Msilete majibu. Leteni hatua."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyowashangaza. Ina kisa chake, na kisa chenyewe ni cha swali moja.

Kwa asiyelijua somo hili: picha iliyomo kwenye simu yako ni jedwali la namba. Kila kidoti, yaani pikseli, kina namba inayoeleza mwangaza wake. Picha isiyo na rangi ikihifadhiwa kwa biti tatu, namba hizo ni nane tu, kuanzia 0, ambayo ni nyeusi, hadi 7, ambayo ni nyeupe. Sasa chukua picha ya mitumbwi iliyopigwa asubuhi yenye ukungu. Namba zake zimesongamana katikati, hazifiki weusi wala weupe, ndiyo maana jicho linashindwa kutenga mtumbwi na maji. Ukihesabu pikseli zilizopo katika kila kiwango na kuchora nguzo zake, umepata histogramu. Kusawazisha histogramu ni kuzitawanya namba hizo upya ili picha ionekane vizuri. Katika mitihani tuliyotolea kopi, swali la aina hii linarudi mwaka hadi mwaka, namba tu ndizo zinazobadilika.

Swali lililotuangusha lilikuwa na picha ndogo ya pikseli 16. Kiwango cha 2 kilikuwa na pikseli nne, cha 3 pikseli sita, cha 4 pikseli nne na cha 5 pikseli mbili. Tulikuwa watatu siku hiyo. Kila mtu alikokotoa kwake, kisha tukasomeana majibu. Wawili, nikiwemo mimi, tulipata viwango vipya 2, 5, 7 na 8. Wa tatu alipata 2, 4, 6 na 7. Tukamwambia amekosea. Akafuta, akaandika jibu letu, tukaendelea na swali lingine.

Usiku nikajaribu kuichora picha mpya pikseli kwa pikseli, nikakwama kwenye ile 8. Biti tatu zinaishia 7. Hakuna kiwango cha 8.

Njia sahihi ni hii. Unajumlisha idadi za pikseli ukipanda kiwango kwa kiwango: 4, kisha 10, kisha 14, kisha 16. Kila jumla unaizidisha kwa 7, kwa kuwa 7 ndicho kiwango cha juu kabisa, halafu unaigawa kwa 16, idadi ya pikseli zote. Unapata 1.75, 4.375, 6.125 na 7. Hapo tu, mwishoni, ndipo unapokadiria hadi namba nzima iliyo karibu: 2, 4, 6 na 7. Aliyefuta ndiye aliyepatia.

Asubuhi yake nililinganisha daftari langu na la mwenzangu niliyekubaliana naye. Mimi nilizidisha kwa 8 badala ya 7, kwa sababu viwango ni vinane na sikukumbuka kwamba hesabu inaanzia sifuri. Hivyo 4 mara 8 gawanya kwa 16 ikanipa 2, na nyingine zikafuata: 5, 7, 8. Yeye alizidisha kwa 7 kama inavyotakiwa, lakini alikadiria mapema. Alichukua kila kiwango peke yake, akapata 1.75, 2.625, 1.75 na 0.875, akazifanya 2, 3, 2 na 1, ndipo akajumlisha: 2, 5, 7, 8. Makosa mawili yasiyo na udugu wowote yalitoa jibu moja hadi namba ya mwisho. Na kwa kuwa tulikuwa tumesomeana majibu matupu, kule kukubaliana kwetu ndiko kulikotuzuia kuliona kosa.

Kwa hiyo barua inapendekeza utaratibu mwingine. Mtihani wetu huchukua saa tatu na una maswali matano, yaani dakika 36 kwa kila swali. Kila swali tutalifanya kimya kwa dakika hizo, kila mtu na karatasi yake. Halafu tutapiga kura ya kumpata wa kwenda ubaoni, na huyo ataandika mstari kwa mstari hata kama hajamaliza. Wengine kazi yao ni kumsimamisha pale ambapo mstari wao unaachana na wake. Jibu la mwisho tutalitazama tukiwa tumeshakubaliana juu ya hatua. Hatutapita zaidi ya maswali matatu kwa siku. Na mtihani wa mwaka wa karibuni kabisa nimeomba usifunguliwe na mtu hadi wiki ya mwisho, tuufanye wote kwa saa tatu kamili.

Mitihani hiyo haina mwongozo wa usahihishaji, na mwenzangu mmoja aliniuliza tutajuaje kama tumepatia. Kwa swali kama hili, mistari mitatu ya Paithoni inatosha:

```python
import numpy as np
h = np.array([0, 0, 4, 6, 4, 2, 0, 0])
print(np.round(7 * np.cumsum(h) / h.sum()))
```

Itatoa viwango vipya vya 0 hadi 7 kwa mpangilio, na ndani yake utaziona 2, 4, 6 na 7. Tahadhari moja: jibu likiangukia nusu kamili, mfano 2.5, amri hii hukadiria kwenda namba shufwa iliyo karibu na kutoa 2, wakati kwa mkono tumezoea kuandika 3. Tofauti ya namna hiyo isitugombanishe.

Swali lile lilikuwa na kipengele cha pili ambacho siku ile hatukukigusa, nacho ndicho kizuri zaidi: rudia kusawazisha picha uliyoipata, kisha eleza unachokiona. Ukijaribu, kiwango cha 2 bado kina pikseli nne, cha 4 kina sita, cha 6 nne na cha 7 mbili. Jumla ni zilezile 4, 10, 14, 16, kwa hiyo majibu ni yaleyale. Picha haibadiliki tena. Wengi hutarajia nguzo za histogramu zilingane urefu baada ya kusawazishwa, na mtihani unajua hivyo. Haziwezi kulingana, kwa sababu pikseli zenye namba moja huhama pamoja. Huwezi kuzichukua sita na kuzigawa kwenye viwango viwili. Kinachobadilika ni nafasi kati ya nguzo, na nafasi hiyo ndiyo inayolisaidia jicho kuuona mtumbwi.

Chini ya barua niliweka swali la kuanzia Jumamosi. Dirisha la pikseli tisa, la picha yenye viwango 0 hadi 255, lina namba 12, 14, 13, 15, 255, 14, 12, 13 na 0, na ile 255 ndiyo iliyo katikati. Tafuta namba mpya ya pikseli ya katikati kwa chujio la wastani, kisha kwa chujio la namba ya kati, ueleze ni ipi ungeiamini na kwa nini. Wote wanne wamejibu kwamba watakuja. Yule aliyefuta jibu lake ameomba asiingizwe kwenye kura. Anataka aanze yeye ubaoni.